Dodoso na mahojiano kwa mpigo, au dodoso kwanza? Kwa anayetathmini mradi wa afya ya akili vijijini

Kamwene ndugu zangu. Kuna dada mmoja yuko Njombe kanipigia juzi, anasimamia mradi wa afya ya akili ya jamii, wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamefundishwa kukaa na mtu mwenye sonona na kumsaidia kupanga matatizo yake moja moja, vikao sita, wiki baada ya wiki. Sasa anatakiwa aupime mradi, na mfadhili kaandika kwenye mkataba kwamba anataka "mbinu mchanganyiko", yaani dodoso lenye alama pamoja na mahojiano ya nini kilikwamisha utekelezaji. Akaniuliza, kaka, vyote vifanyike mwezi mmoja au nianze na dodoso ndo nije mahojiano? Nikamwambia subiri nikuandikie, maana mi nimefanya zote mbili na zote ziliniumiza, ila kila moja iliniuma mahali pake.

Kwanza tuelewane kuhusu mradi wenyewe. Wazo la mtu wa kawaida kuketi na mgonjwa na kutatua naye shida si geni, Harare Dk. Dixon Chibanda alianza na wabibi kwenye mabenchi mwaka 2006, na utafiti wao uliotoka 2016 uliandikisha watu 573 na kupima matokeo baada ya miezi sita. Kwetu huku wengi wanapima kwa PHQ-9, dodoso la dalili za sonona lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali 0 mpaka 3, jumla inaishia 27, na ukifika 10 unahesabika una dalili za kutosha za kufuatiliwa. Mtu akishuka alama 5 wataalam wengi wanasema hapo kweli kuna mabadiliko yenye maana. Hiyo ndo upande wa namba. Upande wa pili ni maneno: mhudumu, nesi msimamizi, mtendaji wa kijiji, na mgonjwa mwenyewe, kila mmoja anasimulia kwanini vikao vilifanyika au havikufanyika.

Sasa njia mbili.

Ya kwanza tuiite ya mpigo mmoja. Timu inaingia kijijini na dodoso na kinasa sauti siku hizo hizo, halafu mwisho unalinganisha matokeo ya huku na huku. Ya pili tuiite ya kufuatana. Unamaliza dodoso, unasafisha data, unaangalia nani kapona nani hajapona, ndo unachagua wa kuhoji kutokana na hizo alama. Ukisikia mtu anasema ni kitu kimoja tu tofauti ni ratiba, huyo hajawahi kukaa na data ikamkodolea macho.

Nikupe kesi yangu, mradi ulikuwa kwenye kata tatu mkoa wa Iringa, namba nimeziweka mviringo kwa ajili ya mfano tu, usizinukuu mahali. Kata moja ipo barabarani, moja ya kati, moja mlimani kule ambako mvua ikishika hata bodaboda anakutoza mara mbili na bado anakushusha utembee. Kila kata watu 100, wote walianza na wastani wa alama 14. Baada ya miezi sita hali ilikuwa hivi:

| Kata | Tuliowapata tena | Alama mwanzo | Alama mwisho | Vikao walivyopata kati ya 6 |
|---|---|---|---|---|
| Barabarani | 91 | 14 | 8 | 5 |
| Kati | 84 | 14 | 9 | 5 |
| Mlimani | 52 | 14 | 13 | 2 |

Ukiwachanganya wote 227 wastani unatoka 14 hadi 9.5, ripoti inapendeza. Lakini angalia ile safu ya pili, watu 73 hawapo, na 48 kati yao wametoka mlimani. Wameenda wapi? Wengine walishuka Usangu kwenye mpunga, wengine vibarua vya chai Mufindi, wengine walikuwa wapo tu nyumbani ila hawakutaka kuonekana. Ukichukulia kwamba hao 73 hawajabadilika hata alama moja, wastani wa wote 300 unakuwa 10.6, yaani kushuka kwa 3.4 badala ya 4.5. Sio kwamba ndo ukweli, ni mtazamo wa mtu mkali tu, ila inakuonyesha ripoti yako inasimama juu ya nani. Na dodoso halina namna ya kumuuliza mtu ambaye hayupo.

Basi mwaka ule tulitumia mpigo mmoja. Mahojiano 18, na tulikuwa tumepanga yagawanyike sawa kata zote lakini ilikuwa mwezi wa tatu, utelezi, gari ya kukodi dereva kakataa kupanda, ikaishia kumi barabarani, sita kati na mawili mlimani. Na hao wagonjwa tuliowahoji nani aliwachagua? Nesi. Alituitia wale anaowajua, wale waliokuja vikao vyote. Kila mtu anausifia mradi, mama mmoja kalia kabisa kwa furaha. Tunarudi mjini, tunaweka jedwali la pamoja, upande huu alama upande huu maneno, na ile kata ya mlimani, ile pekee iliyokuwa na swali, upande wa maneno kuna watu wawili wanaosema mradi mzuri. Yaani tulikuwa na jibu kubwa la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Hapo ndo kasoro ya mpigo mmoja inapokaa. Unachagua wa kuhoji kabla hujajua nani anafaa kuhojiwa. Inafanya kazi vizuri ukiwa tayari unajua tofauti ziko wapi, mfano una takwimu za vikao za kila mwezi na umeshaona kata fulani inasuasua, hapo unapeleka mahojiano mengi kule toka mwanzo. Ukienda kipofu unapata wasemaji wazuri waliokaa karibu na lami.

Awamu iliyofuata tukafanya ya kufuatana. Dodoso likaisha mwezi wa nane, ndani ya wiki mbili data ikawa safi, tukapanga watu kwenye makundi manne: walioshuka alama 5 au zaidi, waliobaki palepale, waliopanda, na walioacha vikao kabla ya cha tatu. Kila kundi tukachukua watu kadhaa na mlimani tukaipa nafasi nyingi zaidi. Walioacha tukawatafuta kupitia balozi, sio kupitia nesi.

Kumbe kule mlimani vikao vilikuwa vinafanyika kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Kwenye karatasi inaonekana sehemu nzuri, kivuli kipo, mabenchi yapo. Ila msimu ule mtendaji alikuwa anakusanya michango na mwenye deni hawezi kupita pale hata kama ana sonona ya kumtosha kijiji kizima. Baba mmoja akasema wazi, "mimi niende nikaeleze matatizo yangu mlangoni kwa tatizo lenyewe?" Na la pili, mhudumu wa pale alikuwa ameolewa kwenye ukoo mkubwa kuliko zote, karibu nusu ya wateja wake ni wakwe zake kwa namna moja au nyingine, na mambo ya ndani huwezi kumwambia mkwe hata awe na cheti cha wapi. Hakuna dodoso duniani lingeleta hayo. Lakini pia mahojiano bila alama yasingetufikisha kwa yule baba, maana hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote wa kumuita.

Kwahiyo ya kufuatana imeshinda? Subiri.

Wakati tunarudi kuhoji watoa huduma, nesi msimamizi wa kata ya kati alishahamishwa. Aliyekuja anatupokea vizuri sana, chai, viazi, lakini hajui lolote, ameikuta daftari tu. Wahudumu nao, ukimuuliza leo mwezi wa kumi kwamba mwezi wa tatu nini kilikwamisha, anakwambia "usafiri na posho." Kila mtu usafiri na posho. Sikatai ni kweli, lakini ni jibu la mtu aliyesahau vipande vidogo akabaki na malalamiko ya jumla. Yule niliyemhoji mwezi wa tatu wenyewe, kwenye ile ya mpigo mmoja, alinieleza jambo la maana kabisa, kwamba siku ya kikao inagongana na siku ya kliniki ya watoto, nesi anambeba akasaidie kupima uzito, wateja wake wanasubiri mpaka saa saba wanaondoka. Hilo limekaa wazi, lina siku na saa, mradi unaweza kulirekebisha wiki ijayo. Miezi saba baadaye lingekuwa limeyeyuka ndani ya neno "usafiri."

Ndo maana msimamo wangu sasa, na nimeshaubishania na watu wengi, ni kwamba swali "ipi bora" limekaa vibaya kwasababu unahoji watu wa aina mbili. Vikwazo vya utekelezaji vipo kichwani mwa mtoa huduma na vinaoza haraka, huyo mhoji wakati mradi unaendelea, hata mahojiano mafupi ya dakika ishirini kila robo mwaka. Sababu za kupona au kutopona zipo kwa mgonjwa, na huyo huwezi kujua umchague nani mpaka uone alama, kwahiyo yeye subirini dodoso. Mpigo mmoja kwa watoa huduma, kufuatana kwa wateja. Ukilazimishwa uchague moja tu kwasababu ya hela, basi jiulize mfadhili anataka kujua nini: kama anataka kuurekebisha mradi unaoendelea chukua mpigo mmoja, kama anataka kujua kwanini ulifanya kazi kwa hawa ukashindwa kwa wale chukua ya kufuatana.

Kuhusu muda, maana ndo unaamua mengi. Mpigo mmoja unaonekana wa haraka uwanjani, na kweli safari ni moja, lakini foleni inahamia ofisini. Saa moja ya sauti inakula saa tano au sita kuiandika, na wazee wakiongea Kihehe au Kibena inabidi mtu asikilize aandike halafu atafsiri, hapo zidisha mara mbili. Mahojiano ishirini sio jambo la kumpa kijana wa field afanye jioni. Ya kufuatana inakula safari mbili na inakuweka kwenye hatari ya mvua: dodoso likichelewa wiki tatu, mahojiano yanaangukia mwezi wa kumi na mbili, na huku kwetu hapo barabara za ndani zinaanza kujichagulia nani apite. Halafu msimu wa ulanzi ukishaingia panga mahojiano asubuhi, mchana utapata majibu marefu mno.

Jambo lingine linalowakwamisha watu wa kufuatana ni kibali. Unaomba NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kibali na mwongozo wa maswali umeuambatanisha, baadaye alama zinakuonyesha uulize kitu kingine kabisa, huwezi kubadilisha tu kimyakimya, inabidi urudi kuomba marekebisho na hapo siku zinakwenda. Dawa yake ni kuandika kwenye maombi ya kwanza kabisa kwamba awamu ya pili wahojiwa watachaguliwa kwa alama za awamu ya kwanza, weka mada ambazo unadhani zitatokea, na kwenye fomu ya ridhaa ya dodoso mwombe mtu ruhusa ya kutafutwa tena. Ukisahau hiyo ridhaa ya kutafutwa tena umekwisha, una alama nzuri na huna haki ya kugonga mlango.

Tena kuna vitu viwili ambavyo hata uchague njia gani haviponi vyenyewe, na dada yangu wa Njombe hivi ndo nilitaka uvisome mara mbili.

Cha kwanza ni msimu. Ukipima mwanzo mwezi wa pili na mwisho mwezi wa nane, umempima mtu akiwa na njaa ya kusubiri mahindi halafu umempima debe lipo ndani. Alama lazima zishuke hata usipofanya chochote. Sisi tuliligundua kwa kuangalia swali moja moja badala ya jumla: kwenye kata moja karibu kushuka kote kulitoka kwenye usingizi, uchovu na hamu ya kula, ile ya kujiona huna thamani na ya kukosa raha zilisogea kidogo tu. Hiyo ni harufu ya msimu. Kwenye mahojiano pia inasikika, mtu anakwambia "sasa hivi nashukuru" ukimuuliza nini kimebadilika anaanza na mavuno, kikao anakitaja ukimkumbusha. Njia ya kweli ya kulitenganisha ni kuwa na kata ambazo mradi haujaanza, ukazipima miezi ileile, na kama mradi unaingia kata kwa awamu hilo halikugharimu sana, ni kupanga tu mapema.

Cha pili ni nani anashika dodoso. Mradi mwingi kubana bajeti unamwachia mhudumu yuleyule aliyeendesha vikao ndo aulize PHQ-9 ya mwisho. Kwenye mahojiano ya wale "waliopona" mama mmoja alituambia, anacheka kabisa, "nilimwambia sijambo, sikutaka kumwangusha, amehangaika sana na mimi." Kwenye data yule mama kashuka alama tisa. Sasa hapa ndo uzuri wa kuchanganya mbinu, maneno yanakwambia alama ina uongo wa adabu ndani yake, lakini utalijua tu kama umewahoji waliofanikiwa pia, sio walioshindwa peke yao. Watu wengi wa kufuatana wanakimbilia kuhoji walioshindwa, mi nasema chukua hata wanne walioshuka sana. Na dodoso la mwisho mpe mtu wa kata nyingine.

Namna ya kujua kama wateja wanampendelea mhudumu: linganisha alama alizochukua mhudumu na alizochukua mgeni kwa watu wachache walewale ndani ya siku chache. Pengo likiwa kubwa na limeelekea upande mmoja tu, basi umeshajua.

Pia swali la tisa, lile la kuwaza kufa au kujidhuru. Hapa hamna cha mpigo mmoja wala kufuatana. Mtu akijibu zaidi ya sifuri anayeuliza anasimama hapohapo, anauliza kama ana mpango na kama ana njia, namba ya mtu wa kituo cha afya anayo mfukoni na anampigia siku ileile. Nimekuta timu ambayo data ilikuwa inaenda Kobo, mfumo wa kukusanyia data kwa simu, na mtu wa kuiangalia anafungua Ijumaa kwa Ijumaa. Nyumba nyingi huku zina viuatilifu vya viazi chini ya kitanda, Ijumaa ni mbali.

Kwenye kuchambua nitapita haraka. Vikwazo wengi wanavipanga kwa CFIR, mwongozo wa kuchambua nini kinasaidia au kukwamisha utekelezaji, ilitoka 2009 ikaboreshwa 2022, ina makundi matano makubwa, inasaidia usisahau upande, lakini usiandike ripoti kwa lugha yake maana mganga mkuu wa wilaya atafunga kwenye ukurasa wa pili. Sisi tuliandika tu: sehemu ya kikao, mhudumu ni nani yako, siku zinagongana, msimamizi hafiki. Halafu kila kikwazo tukakiweka pembeni ya kata na alama zake. Mfano mahali kikao kinapofanyika: barabarani nyuma ya zahanati watu hawakulalamika, vikao vitano, mlimani kibaraza cha ofisi, vikao viwili. Hapo bado sijathibitisha kwamba kibaraza ndo sababu, kata tatu haziwezi kuthibitisha kitu, na mlimani kulikuwa na barabara mbovu na ukoo wa wakwe pia. Lakini nina dhana ya kupima: hamisha kikao, subiri miezi mitatu, hesabu mahudhurio.

Na vikipingana? Alama zinasema nzuri maneno yanasema mabaya, au kinyume chake. Kwenye mpigo mmoja ukigundua mpingano uko mezani mjini, huna pa kurudi, unaandika "matokeo yanatofautiana" na kupita. Kwenye ya kufuatana mpingano ndo unakupa swali la kwenda nalo. Kwangu hilo peke yake lina uzito kuliko gharama ya safari ya pili, ila najua si kila mtu ana hela ya safari ya pili.

Sasa wewe dada una miezi minne, watu wawili wa field na gari la kuazima. Usifanye mahojiano 20 ya wateja kwa mpigo. Wahoji wahudumu wote na wasimamizi wao sasa hivi, wiki hii kama inawezekana, kabla uhamisho haujatoka. Dodoso liende na watu wa kata nyingine. Data ikisafishwa chagua wateja 12, watatu watatu kwenye yale makundi manne, na kata yenye vikao vichache ipate nusu yao. Ukikosa muda wa kuandika sauti zote, andika kamili za hao wa kata yenye shida na walioacha, zingine chukua muhtasari kwa kusikiliza, ukilisema hilo wazi kwenye ripoti hakuna atakayekulaumu. Na mtendaji akikupa ofisi yake ya kufanyia mahojiano mshukuru, halafu omba darasa la shule ya msingi baada ya saa tisa.